Kadi Isione Haya: Kueleza Mila na Mavazi kwa Wageni wa Harusi ya Familia Mbili



Somo letu la toleo hili linaanza na karamu ya harusi iliyofanyika Madina. Mtume (s.a.w.) alipomwoa Bibi Zaynab bint Jahsh (r.a.), aliwaalika watu wakala mkate na nyama wakashiba. Wengi waliondoka, lakini wachache wakabaki wamekaa wakizungumza. Anas bin Malik (r.a.), aliyekuwa akihudumu siku hiyo, anasimulia katika hadithi iliyomo ndani ya Bukhari na Muslim kwamba Mtume alitoka, akapita kwenye vyumba vya wakeze akiwasalimu, akarudi na kuwakuta wale watu bado wapo. Hakuwafukuza. Akatoka tena mpaka walipoondoka wenyewe. Ndipo ikateremka aya ya 53 ya Suratul Ahzab, inayowafundisha waumini wasiingie bila ruhusa, waingie wanapoalikwa, na wakishakula watawanyike. Aya yenyewe inataja sababu: jambo lile lilimuudhi Mtume, naye aliona haya kuwaambia, na Mwenyezi Mungu haoni haya kusema kweli.

Tuzingatie mambo mawili hapo. La kwanza, wale wageni hawakuwa wabaya. Walikuwa wageni waliojisahau katika mazungumzo. La pili, mwenye nyumba alishindwa kusema kwa sababu ya haya, na mwenye haya akinyamaza mgeni hana njia ya kujua. Hali hiyohiyo ndiyo inayotupata tunapoandika kadi za mwaliko. Tunaona haya kumwambia mgeni wa dini nyingine avae nini na akae wapi, tunaandika maneno mawili matatu ya jumla, kisha siku ya harusi tunamweleza mlangoni mbele ya watu.

Huku kwetu mashariki mwa Uganda harusi za aina hii si chache, na sisi wanafunzi ndio tunaopewa kazi ya ukatibu katika mikutano ya harusi za ndugu na marafiki zetu. Kwa hiyo tuchukue mfano mmoja tuufuate mwanzo hadi mwisho. Bwana harusi ni Mwislamu, Msoga wa Jinja. Bibi harusi ni Mgisu wa Mbale aliyelelewa katika Kanisa la Uganda, naye amesilimu. Wazazi wake na ukoo wote wamebaki Wakristo. Kwanjula itafanyika nyumbani kwa baba yake Mbale. Wiki mbili baadaye nikaha itafungwa msikitini Jinja, na walima itafuata katika uwanja wa nyumbani kwa bwana harusi.

Kadi mbili, wenyeji wawili

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba hapa kuna kadi mbili, na kila moja ina mwenyewe. Kadi ya kwanjula inatoka kwa familia ya bibi harusi. Wao ndio wenyeji, na wageni wanaohitaji maelezo ni Waislamu wa Jinja. Kadi ya nikaha na walima inatoka kwa familia ya bwana harusi, na wanaohitaji maelezo ni Wakristo wa Mbale. Kamati nyingi husahau nusu ya kwanza. Huandika maelekezo kwa Wakristo wanaokuja msikitini, kana kwamba Waislamu wakienda Mbale hawana cha kuelezwa.

Kumbe wanacho. Waeleweshwe kwamba watapanga mstari langoni, wanaume wakiwa katika kanzu na koti juu yake na wanawake katika gomesi. Waambiwe kwamba mazungumzo yataongozwa na wasemaji wa pande mbili, hivyo mtu asijibu swali ambalo halikuelekezwa kwake. Waambiwe pia kwamba mchungaji atafungua shughuli kwa sala. Hapo wakae kimya kwa adabu, na hawalazimiki kuitikia. Mwislamu aliyejua mapema kwamba sala hiyo ipo hatashtuka wala hatainuka kwa ghadhabu katikati yake.

Neno "heshima" halivaliki

Sasa tuje kwenye mavazi, ambako makosa ni mengi. Kadi nyingi huandika "mavazi ya heshima" au "vazi la stara". Tatizo ni kwamba kila msomaji anaifasiri heshima kwa kipimo cha nyumba aliyolelewa. Mama wa Mbale akisoma "mavazi ya heshima" atafungua sanduku na kutoa gomesi yake bora. Katika mila yake hakuna vazi la mwanamke mtu mzima lenye heshima kupita hilo: limefika vifundoni, lina mshipi mpana kiunoni, na ndani yake amejifunga kikoi ili lisimshike mwili. Lakini gomesi ina shingo ya mraba iliyo wazi, mikono yake ni mifupi yenye mabega yaliyochongoka, na haina kifuniko cha nywele. Dada zetu wa Kiislamu wanaovaa gomesi huongeza blauzi ya mikono mirefu ndani na mtandio kichwani. Yule mama hajui hilo, wala hana sababu ya kulijua. Amekuja kwa nia safi katika vazi lake la heshima, kisha kijana mlangoni anamwambia hajavaa kwa heshima. Neno hilo litarudi naye Mbale.

Dawa yake ni kuacha sifa na kutaja viungo na nguo. Badala ya "mavazi ya stara", andika: nguo ndefu hadi vifundoni, mikono hadi viganja, isiyobana, na mtandio wa kufunika nywele. Halafu ongeza sentensi moja inayomwonyesha kwamba alicho nacho kinatosha: gomesi inafaa kabisa, ikivaliwa na blauzi ya mikono mirefu ndani na mtandio. Sentensi hiyo inamwondolea gharama ya kushona nguo mpya na inaithamini mila yake.

Usiwasahau wanaume. Katika Suratun Nur aya ya 30 inawaamrisha wanaume kuinamisha macho na kujihifadhi kabla ya aya ya 31 kuwageukia wanawake. Kadi inayoeleza mavazi ya wanawake kwa mistari sita na kutowataja wanaume inatoa picha isiyo sahihi ya dini yetu. Kwa mwanaume andika: suruali ndefu au kanzu, shati lenye mikono, si kaptura. Na hapa lipo jambo la Uganda hasa. Kanzu kwetu si alama ya dini. Mkristo na Mwislamu wote huivaa kwenye kwanjula, kwa hiyo ukimwomba Mkristo avae kanzu hataona kwamba unamsilimisha. Kofia ya kufuma ni tofauti, kwani wengi huiona ni ya Waislamu. Basi andika wazi kwamba kofia si lazima, vinginevyo baba wa watu ataazima kofia kwa jirani na kukaa nayo kichwani akiwa hana raha.

Kila ombi lina mwenyewe

Mgeni akisoma maelekezo yako atajiuliza: hili ni la nani? Ni amri ya dini, ni utaratibu wa jengo, au ni mapenzi ya familia tu? Ukichanganya matatu haya utapata hasara kwa pande mbili. Ukiita mila "dini", mgeni ataondoka akiamini kwamba Uislamu umeamrisha gomesi ya rangi fulani. Ukiita sheria "mila yetu", ataona ni jambo la kujadiliana, kama wasemaji wanavyojadiliana kwenye kwanjula.

Tugawe basi. Kutotolewa pombe kwenye walima ni sheria kwa mwenyeji, haina mjadala. Kuvua viatu na kujifunika nywele kwa mgeni asiye Mwislamu anapoingia msikitini ni adabu ya mahali, na tunamwomba aifuate kama sisi tunavyofuata adabu ya nyumba yake. Rangi ya sare, wakati wa kukata keki na mpangilio wa zawadi ni hiari ya familia. Mila hizi hazipuuzwi katika fikihi. Kanuni mashuhuri inasema desturi ina nguvu ya hukumu, madamu haigongani na nassi. Na tunajua kutoka kwa Bukhari kwamba Bibi Aisha (r.a.) alipompeleka bibi harusi kwa mume wa Kiansari, Mtume (s.a.w.) aliulizia kama palikuwa na burudani, kwa kuwa Ansari walikuwa watu wanaoipenda. Aliutazama ukoo na kuzingatia desturi yao.

Wapo watakaouliza kama Mkristo anaruhusiwa kuingia msikitini. Wanazuoni wamehitilafiana. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu tunaifuata, inajuzu kwa idhini ya Mwislamu, isipokuwa katika Haram ya Makka. Miongoni mwa dalili ni kisa cha Thumama bin Uthal, aliyefungwa kwenye nguzo ya msikiti wa Madina kabla hajasilimu. Hata hivyo msikiti una imamu na kamati yake. Pata idhini yao kwanza, ukiwaambia idadi ya wageni na mahali utakapowakalisha, kabla hujachapa kadi.

Waeleze watakachokiona

Mkristo anayekuja kwenye nikaha kwa mara ya kwanza anabeba picha ya harusi ya kanisani. Anasubiri baba amsindikize binti hadi mbele, wawili wasimame pamoja, waulizwe, wajibu, wavishane pete. Asipoelezwa, atakaa anangoja harusi ianze wakati imekwisha. Nikaha ni hotuba fupi, kisha walii anatamka kuoza na bwana harusi anatamka kukubali mbele ya mashahidi wawili, mahari ikitajwa. Bibi harusi anaweza kuwa upande wa wanawake muda wote, asionekane kabisa na wanaume. Mama yake akijua hilo mapema atakwenda kukaa karibu na binti yake. Asipojua atadhani binti amefichwa.

Na saa iandikwe kwa ukamilifu. "Baada ya Adhuhuri" haimwambii Mkristo kitu. Vilevile tukichapa kadi kwa Kiingereza na Kiswahili, saa moja ya Kizungu ni saa saba yetu, hivyo andika "saa 7:30 mchana" na neno "mchana" lisiachwe.

Maelezo haya yote hayakai kwenye uso wa kadi. Uso ubaki na majina, siku, saa na mahali. Maelekezo yawekwe kwenye karatasi ndogo ndani ya bahasha, na nakala yake itumwe kwa wasapu. Kwa familia yetu ya mfano, karatasi ya nikaha inaweza kusomeka hivi:

*Kwa wapendwa wetu kutoka Mbale. Tunafurahi kwamba mtakuwa nasi. Nikaha itafungwa ndani ya msikiti saa 7:30 mchana na itachukua kama nusu saa. Mtatuona tukiswali Adhuhuri kabla yake. Viti vimewekwa kwenye hema nje kwa watakaofika mapema.*

*Msikiti unatuomba sote: tuvue viatu mlangoni, wanawake wavae nguo ndefu yenye mikono mirefu na mtandio wa nywele, wanaume wavae suruali ndefu au kanzu. Gomesi inafaa, ikiwa na blauzi ndani. Kofia si lazima. Mitandio ya kuazima itakuwepo mlangoni. Wanawake na wanaume hukaa sehemu mbili. Makofi na vigelegele tunaviweka mpaka tutoke nje, na huko tunavitaka kwa wingi.*

*Baadhi ya wazee wetu humsalimu mwanamke kwa kuweka mkono kifuani badala ya kumpa mkono. Hiyo ndiyo heshima yao kwake.*

*Kwenye walima chakula chote ni halali, na vinywaji ni maji, soda na maji ya matunda. Tafadhali msilete pombe, hata kama zawadi.*

Ona kwamba kila ombi limetajwa mwenyewe: msikiti, wazee, walima. Ona pia ule mstari wa salamu. Mkono uliokataliwa mbele ya watu unauma kuliko jambo lolote la mavazi, na maneno machache yaliyotangulia yanautoa uchungu wake.

Mitandio ya mlangoni nayo ihesabiwe katika bajeti. Wakija wageni 60 kutoka Mbale, nusu yao wanawake, weka mitandio 15, kwa sababu wengi watakuja na yao. Anayeigawa awe mwanamke, na ikiwezekana awe shangazi wa bibi harusi mwenyewe. Mtandio ukitolewa na shangazi yako ni msaada. Ukitolewa na kijana usiyemjua, unaonekana kama adhabu.

Nyumbani kwa baba wa bibi harusi

Tukirudi Mbale, mipaka inabadilika. Pale sisi ni wageni. Hatuwezi kuandika kwenye kadi ya mtu kwamba nyumbani kwake pasinywewe pombe. Tunachoweza ni kuomba, kupitia msemaji wetu na mapema, mambo matatu. Kwanza, hema la wageni wa Jinja liwe na maji na soda tu, kwa kuwa limekuja karipio la kukaa kwenye meza inayozungushwa pombe. Pili, mnyama wa chakula cha hema hilo achinjwe na Mwislamu, nasi tujitolee kumleta mchinjaji. Tatu, ipatikane sehemu safi ya kuswali na maji ya udhu. Kutoka Jinja hadi Mbale kwa kupitia Iganga na Tirinyi ni karibu kilomita 150, na wageni waliotoka asubuhi watafikiwa na Adhuhuri hapo hapo. Familia ikikubali, mambo hayo matatu yaandikwe kwenye karatasi ya kwanjula ili kila Mwislamu ajue, asianze kuuliza vyunguni kila chakula kinapopita. Ataletewa malewa ya karanga na atakula kwa furaha akijua hakuna shaka.

Na kamati ikikaa kuchagua siku, iulize kwanza ni nani walioalikwa. Harusi nyingi kwetu huwekwa Jumamosi. Lakini Mbale ina Waadventista, na Nabugoye kuna jamaa zetu Wayahudi wa Abayudaya. Kwa wote hao Jumamosi ni sabato mpaka jua lizame. Kama rafiki wa karibu wa familia ni mmoja wao, kadi nzuri namna gani haitamfikisha.

Habari ambayo kadi haiibebi

Limebaki jambo zito kuliko yote. Katika mfano wetu bibi harusi amesilimu, na baba yake ni Mkristo. Kwa makubaliano ya wanazuoni, asiye Mwislamu hawi walii wa Mwislamu katika nikaha. Kama ana ndugu wa kiume au ami aliye Mwislamu, uwalii unakwenda kwake. Kama hana, kadhi ndiye atakayemwozesha. (Angebaki Mkristo, hukumu ingekuwa nyingine: katika madhehebu ya Shafi baba Mkristo ni walii wa binti yake Mkristo.)

Baba aliyemlea binti yake miaka ishirini na kitu, akamsomesha, hawezi kuisoma habari hii kwenye karatasi ndani ya bahasha, wala hapaswi kuigundua msikitini anapomsikia mtu mwingine akitamka "nimekuozesha". Wazee wawili wa upande wa bwana harusi, mmoja wao mwenye elimu, waende Mbale kabla ya kwanjula. Wamweleze kwamba hukumu hii inahusu matamshi ya nikaha, haiondoi ubaba wake. Binti anaendelea kuamrishwa kumfanyia wema. Wamwonyeshe kwamba kwanjula ni siku yake: pale ndipo anapoulizwa, anapokubali, na anapompa mkwewe binti mbele ya ukoo mzima. Kisha wakubaliane naye atakaa wapi msikitini, karibu na mbele, na atasema neno gani la baraka kwenye walima.

Akikubali, karatasi inaweza kuongeza mstari mmoja: *Nikaha itafungwa na kadhi, mbele ya baba wa bibi harusi, ambaye atatuhutubia kwenye walima.* Mstari huo unawaeleza wageni wote, na baba anausoma kama jambo analolijua. Asipokubali, mstari usiandikwe, na kamati isichape kadi kwanza ili kumlazimisha. Kadi inabeba yaliyokwisha kusemwa na kukubaliwa.

Kipimo cha mwisho

Kabla ya kuchapa, mpe karatasi yako mtu mmoja wa upande wa pili ambaye hakuhudhuria mikutano. Akishaisoma muulize: Utavaa nini? Utafika saa ngapi? Utakaa wapi? Ni kitu gani hutaleta? Akisitasita kwenye swali lolote, hapo ndipo penye neno la kubadilisha. Akiuliza "hivi mnatuona sisi wachafu?", basi umeandika makatazo matupu bila kumtajia mwenyewe wala sababu. Itafsiriwe pia kwa Lusoga na Lumasaba, na tafsiri isomwe na mtu mzima wa lugha hiyo.

Maswali ya kujadili katika halaka:

1. Kadi imeandikwa "wanawake wajistiri, wanaume mnakaribishwa". Iandike upya kwa kutaja nguo na kumtaja mwenye kuomba.
2. Katika harusi ya nyumbani kwenu, taja jambo moja la sheria, moja la adabu ya mahali na moja la mila. Ni lipi mnaloweza kuliacha kwa ajili ya wakwe?
3. Walii akiwa kadhi, ni nani katika familia yenu anayefaa kwenda kuzungumza na baba wa bibi harusi, na kwa nini yeye?

Wallahu aalam. Wabillahi tawfiq.